Nukta ya Aprili

Alio Bulle amepiga picha sehemu kubwa ya mji wa Garissa, na wengi wamenuna, kwa kuwa huja kwake kutafuta picha za pasipoti na pasipoti haitaki meno. Alizaliwa Griftu, akaja Garissa kumsaidia mjomba wake kuuza nguo, akagundua kwamba nguo hazimpendi. Studio yake iko karibu na soko la Suuq Mugdi. Harusi hupiga, maiti hapigi, na mbuzi wa kuuzwa hupiga wakisimama kwa ubavu, jinsi wanunuzi wanavyotaka. Nyota hakuwahi kupiga mpaka Novemba ya mwaka 2025, pale Haji Nunow alipoingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja bila kutaka picha.

Haji Nunow alikuwa mwenyekiti wa chama kimoja cha wafanyabiashara wa mifugo. Kila mwisho wa mwaka chama kiligawa kalenda.

"Kila mwaka ngamia," alisema. "Ngamia kasimama, ngamia kalala, ngamia na mwenyekiti. Wanachama wana ngamia nyumbani, Alio. Safari hii nataka mbingu."

"Mbingu ya mchana?"

"Mchana kuna nini? Jua tu. Nataka nyota, na chini ya kila picha jina lake, watoto wajifunze."

Alio alikubali kwanza, kisha akaanza kufikiri. Juu ya nyota alijua kwamba zipo. Mwezi aliweza kuutambua.

Alichukua gari la shemeji yake, akafuata barabara ya Balambala mpaka taa za mji zikabaki nyuma, akaweka kamera kwenye stendi. Jioni tatu baada ya swala ya isha alifanya hivyo. Alijifunza kuiacha kamera wazi sekunde kadhaa ili inywe mwanga, na akajifunza kwamba akiiacha mno nyota zinageuka vistari, kwa sababu dunia haimsubiri mpiga picha. Picha aliyoipenda kuliko zote aliipiga akiwa amelala chali chini ya mgunga, lenzi ikitazama juu kabisa: matawi meusi pande zote, na katikati, kwenye uwazi mdogo, nukta moja ya manjano iliyotulia. Hiyo aliitenga kwa ukurasa wa Aprili.

Yalibaki majina. Alizituma picha kutoka kompyuta ya studio kwenda simuni mwake kwa WhatsApp, akafungua ile programu ya akili mnemba anayoitumia kuandika barua za madai, akaipa picha moja moja na swali lilelile: hii ni nyota gani? Programu haikusita. Kundi dogo la nyota zilizosongamana ikaliita Kilimia. Nukta nyekundu karibu na ardhi ikaiita Mirihi. Nukta ya Aprili ikaiita Zuhura, "sayari inayong'aa kuliko zote, na ni rahisi sana kuitambua." Alio akafurahi kwamba kazi ilikuwa rahisi.

Faiza, binti anayemfanyia usanifu wa kadi na mabango pale studio, aliyapanga majina chini ya picha kwa herufi za dhahabu. Akaituma kalenda nzima kwa Haji Nunow aidhinishe kabla ya kwenda mtamboni.

Jibu lilikuja kwa kupigiwa simu.

"Alio," alisema Haji, "simu yangu na simu yako hazisikilizani."

"Vipi, adeer?" aliuliza Alio, akimwita ami kwa Kisomali.

"Mjukuu wangu kaniwekea kitu kama hicho chako. Nimekionyesha Aprili. Kinasema ni Sirius, ile Waarabu wanayoiita Shi'ra. Jina hilo limo ndani ya Kurani. Nimefurahi, halafu nikaona chini umeandika Zuhura. Ni ipi?"

"Zuhura," alisema Alio.

"Unajuaje?"

Alio alitazama simu yake. Alijua kwa sababu ilimwambia.

Alasiri hiyo Haji alikuja mwenyewe, na wote watatu wakaizunguka meza ya Faiza. Faiza akaiuliza programu ya kwake kuhusu picha ileile. Ikasema Mshtarii, na ikaeleza sababu zake kwa ufasaha. Akaandika: Una uhakika? Programu ikaomba radhi kwa kumchanganya, ikasema ikitazama vizuri ni Zuhura. Akaandika tena: Una uhakika? Ikaomba radhi kwa radhi ya kwanza, ikarudi kwa Mshtarii.

"Ina adabu," alisema Haji Nunow.

"Ngoja niiulize vingine," alisema Faiza. Badala ya kuuliza jina, aliuliza: Kutoka kwenye picha hii peke yake, unaweza kujua kweli? Unahitaji nini kingine?

Jibu la safari hii lilikuwa refu na lenye unyenyekevu zaidi. Faiza akalisoma kwa sauti. Nukta moja ya mwanga haina sura ya kuitambulisha; nyota hutambuliwa kwa majirani zake, na katika picha hii majirani hawaonekani. Tena sayari huhama kati ya nyota mwezi hadi mwezi, kwa hiyo bila tarehe, saa, mahali, upande na kimo cha mwanga ule angani, jina lolote ni la kukisia. Na ikikisia, huelekea kutaja kile kinachotajwa sana watu wanapouliza kuhusu mwanga mkali angani.

"Kwa nini haikusema hivyo mwanzo?" Alio aliuliza.

"Ulitaka jina," alisema Haji. "Ikakupa jina."

Faiza akafungua picha halisi ya kamera, ile nzito, akailinganisha na ile iliyopita WhatsApp. Tofauti ilikuwa kubwa. Kwenye ya simu, uwazi kati ya matawi ulikuwa mweusi mtupu wenye nukta moja. Kwenye halisi kulikuwa na vinyota hafifu kama vumbi la unga. WhatsApp ilikuwa imeibana picha na kuvifuta, na pamoja navyo ilikuwa imeondoa maelezo ya saa na tarehe.

"Basi maelezo yamo kwenye hii halisi," alisema Haji.

Yalikuwamo. Yalisema picha ilipigwa Januari 2019, saa saba mchana. Alio alikumbuka kwamba tangu abadilishe betri hajawahi kuirekebisha saa ya kamera.

Hapo ndipo Alio alipoeleza mengine yaliyokuwa yakimwasha. Picha ya Oktoba, yenye zile nyota tatu za mstari ambazo programu iliziita mkia wa Nge, alikuwa ameigeuza kushoto-kulia kama kwenye kioo ili mti usiingiliane na jedwali la tarehe.

"Umeigeuza mbingu?" aliuliza Haji.

"Kwa ajili ya tarehe, adeer."

Faiza akairudisha ilivyokuwa, akauliza upya kwa picha nzito. Programu ikasema nyota tatu zile ni mkanda wa Jabari, na ilipoulizwa mara tatu ikasema vilevile mara zote tatu. Kilimia nacho hakikuyumba. Makundi yenye umbo lake yalishika. Nukta za upweke ndizo zilizoyumba. Kuhusu Mirihi, Alio aliikuza picha kubwa iwezekanavyo. Chini ya ile nukta nyekundu palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu ulioshuka mpaka ardhini. Ulikuwa mnara wa simu.

"Hiyo toa," alisema Haji.

Ya Aprili hakutaka itolewe. Alisema ndiyo nzuri kuliko zote, ila jina la kwenye Kurani haliwezi kubandikwa juu ya kitu ambacho sicho, na jina lingine lolote pia si vizuri. Kwa hiyo Alio alirudi. Faiza alimwekea simuni ramani ya anga, programu ya aina nyingine kabisa, ambayo haitazami picha wala kukisia. Hupewa tarehe, saa na mahali, ikapiga hesabu ya kila sayari ilipo.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimmulika tochi usoni, kisha akaimulika stendi ya kamera kwenye kiti cha nyuma.

"Unaenda kupiga picha ya nini saa hizi?"

"Nyota, afande."

"Nyota gani?"

"Ndiyo ninayoenda kuuliza."

Askari akapekua buti la gari, akakuta gurudumu la akiba na mkeka. Akamwambia apite, na akirudi amwambie.

Alio aliupata mgunga wake, akalala chali mahali palepale, jioni baada ya isha kama mwanzo. Nukta ya manjano ilikuwepo, imesogea kidogo kwenye matawi. Alihakikisha upande kwa dira, akainua simu. Ramani ilionyesha kwamba Zuhura msimu huo ilikuwa karibu na jua, ikionekana alfajiri tu. Na kwa hali yoyote Zuhura haiendi mbali na jua, haiwezi kukaa utosini giza likishaingia. Mshtarii na Sirius zilikuwa bado hazijachomoza. Mahali pale, juu kabisa, palikuwa na Zohali. Alitafuta vinyota vya jirani kwenye picha halisi, akavilinganisha na ramani kimoja kimoja, mpaka shingo ikauma. Vilikubaliana.

Aliona ajabu iliyomtuliza. Kwa wiki nzima alikuwa ameitazama nukta ile kwenye kioo cha simu, na hakuwahi kuitazama yenyewe.

Wakati wa kurudi alimwambia askari. Askari alisema asante, akaandika kitu kiganjani mwake.

Haji Nunow hakuridhika upesi. "Zohali ina pete," alisema asubuhi. "Hata mimi najua. Ziko wapi?"

"Kamera hii haizioni, adeer. Zinahitaji darubini."

"Kwa hiyo ni Zohali isiyoonekana kuwa Zohali."

"Ndiyo."

Haji alifikiri. Mwishowe kalenda ilichapishwa ikiwa na maandishi aliyoyatamka mwenyewe, Faiza akiandika: *Sayari ya Zohali, juu ya barabara ya Balambala, Novemba baada ya isha. Pete hazionekani. Aprili usiitafute hapa, itakuwa imehama.* Picha nyingine mbili, ambazo nyota zake hazikulingana na ramani kwa sababu ya vumbi, ziliandikwa *Nyota, jina halijathibitishwa*. Mtambo ulichelewa, na wanachama walizipata kalenda zao mwaka ukiwa umeshaanza. Baadhi walilalamika kwamba hakuna ngamia hata mmoja. Wengine walipiga simu studio kuleta majina ya zile mbili, kila mmoja na lake, nao walikuwa na uhakika mkubwa.

Alio amerekebisha saa ya kamera. Bado hupiga pasipoti, harusi na mbuzi. Sikukuu ya Idi, akiwa anapanga familia moja ya watu wengi mbele ya pazia lake la maporomoko ya maji, baba wa familia alitoka kwenye mstari akamletea simu. Kwenye kioo kulikuwa na weusi, na katikati nukta nyeupe.

"Wanasema wewe unazijua. Hii ni ipi?"

"Ulipiga lini?"

"Juzi. Au majuzi."

"Ulikuwa unatazama upande gani?"

Yule baba alifikiri kwa dhati, familia yote ikimsubiri.

"Juu," alisema.

Alio alimrudishia simu kwa heshima, akamwomba arudi kwenye mstari, asimame karibu zaidi na mkewe.