Igizo la Choo Pale Misima

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia katika vijiji vya ujamaa mtanielewa, burudani haikuletwa na mtu. Tuliitengeneza wenyewe, kwa vitu vilivyokuwamo ndani ya nyumba. Ukitaka ndevu za mzee, unachukua makapi ya mkonge yaliyoletwa na mtu aliyetoka kwenye mashamba ya Korogwe, unayagandisha kidevuni kwa uji mzito wa muhogo. Ukikauka, kidevu kinawasha mpaka unatamani kulia, lakini hukuni, kwa sababu ukikuna ndevu zinaanguka na watu wanacheka pasipotakiwa. Siku hizi naona vijana wanakuja na spika mbili, fulana za rangi moja na chupa za maji. Wakiambiwa umeme umekatika, igizo limeahirishwa.

Sisi tulikuwa Misima, huko Handeni, kwenye kijiji kipya ambacho nyumba zake zilikuwa zimepangwa mstari kama wanafunzi. Tulihamia baba akiwa hai. Mwaka uliofuata akafa, kisha mama akamfuata. Nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili, Tatu na Hamisi, na jembe la mama. Sikulalamika, maana hapakuwa na wa kumlalamikia. Jirani yetu, Mama Athumani, alituona. Alikuwa mjane, na hakuwa na zaidi yetu sana, lakini akipika mlenda alimimina na wa kwetu. Akipita asubuhi anauliza, "Mwanaidi, mmeamkaje huko? Hamisi kaacha kukohoa?" Hakungoja jibu. Alishaingia ndani kumtazama.

Mwaka wa pili wa uyatima wetu alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho, msichana wa kunyonya, kwa kuhara. Athumani, mkubwa, alikuwa na miaka mitatu hivi.

Ndipo redio ikaanza kuhimiza vyoo. Tulikuwa na redio moja kijijini, tunaketi kuizunguka, kisha Mwalimu Rajabu wa elimu ya watu wazima anauliza maswali. Watu waliitikia vizuri sana, wakaenda nyumbani na hawakuchimba. Mwalimu akasema redio haitoshi, tufanye igizo. Kijiji hakikuwa na senti ya kutupa. Alisema hiyo ni nafuu, kwa sababu watakaokuja kutazama hawatasema, "Wale wana vyombo vyao, sisi hatuna."

Nilijifunza kwake kazi ambayo darasani sikuifikia. Kwanza, alisema, igizo moja jambo moja. Tusichanganye choo na kuchemsha maji na kilimo cha mistari. Pili, hatuandiki maneno, maana nusu yetu hatukujua kusoma. Tulikubaliana vipande vinne: mama anatupa uchafu wa mtoto nyuma ya nyumba, nzi wanakuja, mtoto anaugua, majirani wanachimba choo na mtoto anapona. Kila mmoja alijua anaingia lini na anatoka baada ya jambo gani. Maneno yalikuwa yetu, ya kila siku.

Nzi walikuwa watoto saba, Tatu akiwa wa mbele. Walivuma kwa filimbi za vikonyo vya majani ya mipapai. Mahali tulipopafanya nyuma ya nyumba tuliweka ungo wa majivu. Nzi wanachovya vidole kwenye majivu, wanacheza kwa kuzunguka, kisha wanagusa chungu, kikombe, mdomo wa mtoto. Kila walipogusa palibaki alama nyeupe. Mwalimu alisema uchafu wenyewe hauonekani, ndiyo sababu watu hawauamini. Basi sisi tuuonyeshe. Mpaka leo sijaona njia bora ya kumweleza mtu jambo hilo.

Kuwakusanya watu tulitumia selo, ngoma ya kwetu ya sherehe, tukabadili maneno ya kiitikio yawe ya choo. Tulicheza alasiri, watu wakitoka shamba la kijiji, jua likiwa mgongoni kwa watazamaji ili lisiwachome macho. Tuliwaketisha nusu duara, watoto mbele. Mwishoni Mwalimu alipangiwa kusimama na kamba yenye mafundo kuonyesha kina cha shimo, kisha kuuliza nani ataanza wiki hii.

Tulifanya mazoezi jioni tisa. Mimi nilipewa nafasi ya mama mchafu, na hapo ndipo yanapoanza yale ninayoyaonea haya.

Kila mchezaji alijitafutia nguo na vyombo. Mwalimu aliweka sharti moja. "Nguo ya mtu mbaya isitoke kijijini hapa," alisema. "Wala mwendo wake. Mtu mbaya awe mgeni kwa kila mtu, ili kila mtu ajione mwenyewe bila kutajwa." Alinituma niende Mkata kwa shangazi yake nikaazime. Mkata ni mbali, na mimi nilikuwa na palizi na wadogo. Tena nilikuwa nimesikia kwamba bwana afya atakuja kututazama, na kundi litakalofaa litapelekwa kucheza Korogwe, pale Kilole. Nilitaka kwenda Korogwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wasichana niliosoma nao walikuwa darasa la sita. Nilitaka wasikie jina langu.

Nikaenda kwa Mama Athumani. Nikaazima kanga yake ya njano, aliyokuwa akiivaa kila siku ya mnada, na chungu chake cha maji kilichomeguka mdomo. Hakuuliza ni vya nini hasa. Alicheka. "Utapendeza wewe. Nitakaa mbele nikuone."

Alikaa mbele, na Athumani mapajani.

Igizo lilianza vizuri. Nikaingia na kanga ya njano, chungu kichwani, na watu wakaanza kuguna. Nilihisi ule mguno. Mwigizaji anaujua, ni kama njaa, unataka zaidi. Bila kupanga, nikaweka mkono kiunoni kama alivyozoea kuweka yeye, nikatembea kama yeye, nikarusha uchafu nyuma ya nyumba na kusema kwa sauti yake iliyokuwa na ukwaruzo, "Aka, mavi ya mtoto hayana neno."

Lilikuwa neno lake. Na tuseme kweli, lilikuwa neno la kila mama pale, lakini yeye ndiye aliyelisema kwa kuchekesha, kisimani, mbele ya watu.

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mama Athumani huyo, wallahi." Wakazidi kucheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikalirudia. Nikalirudia mara ya pili nzi walipokuwa wanamgusa mtoto mdomoni, na mara ya tatu mtoto alipolala mkekani anatetemeka.

Kwenye ile mara ya tatu kicheko kilikatika katikati. Watu walimkumbuka mtoto wake. Nami nikakumbuka nikiwa nimeshasema.

Mama Athumani alisimama. Hakufoka. Alimwinua Athumani begani, akanitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani, akasema, "Ukimaliza, mwanangu, nirudishie kanga yangu." Akaondoka kwa kupita pembeni, asimzibe mtu.

Tulimaliza igizo. Bwana afya alipiga makofi na kusema tutakwenda Korogwe. Watu kumi na mmoja walinyoosha mikono kwamba watachimba. Mwalimu Rajabu alipima kamba yake, akajibu maswali yote, kisha watu walipotawanyika akaniambia, "Umewapata wote isipokuwa yule aliyeondoka, naye ndiye tuliyemtaka."

"Nilisahau, Mwalimu."

"Hukusahau. Ulipendwa."

Akanitoa kwenye nafasi ile. Mama mchafu akageuzwa kuwa baba mmoja mvivu, Bwana Ngojangoja, amevaa gunia la mkonge na ndevu za makapi, mtu asiyefanana na yeyote kati ya Handeni na Korogwe. Kilole walimcheka hadi wakajishika mbavu, na hakuna mtu aliyegeuka kumtazama jirani. Mimi sikuwaona. Nilibaki Misima, nikasema palizi imenizidi.

Kanga niliifua, nikaikunja, nikaipeleka. Aliipokea kwa mikono miwili. "Umeifua vizuri," akasema. Mlenda uliendelea kuja, ila sasa uliletwa na mtoto wa jirani mwingine, umefunikwa. Yeye hakukanyaga tena uani kwetu. Hamisi alikuwa akiuliza, "Mama Athumani anaumwa?" Nilikuwa namwambia ale.

Nyumba zote za mstari wetu zikachimba. Yeye hakuchimba. Angekuwa na mume au kijana mkubwa angechimbiwa, lakini nadhani hata angekuwa nao asingechimba, kwa sababu shimo lile lingekuwa kama kukubali mbele ya watu. Nikachukua jembe la mama na kamba ya mafundo, nikaenda nyuma ya nyumba yake bila kubisha hodi, nikaanza. Udongo wa pale ni mgumu wakati wa kiangazi. Siku tatu hakutoka. Siku ya nne alikuja akasimama juu ya shimo, nimeshazama hadi kifuani.

"Hilo shimo ni la igizo au ni la kwangu?"

"La kwako, mama."

Akatazama. "Basi ongeza kina. Na ukitoka humo uoge, mdogo wako asikuone hivyo."

Nikaongeza kina. Nikaezeka kwa nyasi. Alikitumia. Lakini neno lililotakiwa, la kumwambia pole kwa mtoto wake, na kwamba nilimcheza yeye kwa kutaka kusifiwa, sikulisema siku ile nikiwa shimoni, wala siku nyingine. Nilidhani jembe limeshasema. Miaka michache baadaye alikwenda kwa kaka yake Mkata, na huko akafa.

Mwaka jana nilikuwa Mkata kituoni, nangoja basi. Mwanamume mwenye mvi akanisogelea. "Shikamoo, dada Mwanaidi. Mimi Athumani." Akaninunulia muhogo wa kuchoma, akakaa. Tukaulizana habari za Tatu na Hamisi. Kisha akasema polepole kwamba kuna jambo amelisikia tangu utotoni, kwenye matanga, kwenye harusi, watu wakitaniana. "Dada, wewe ulikuwa jirani. Ni kweli mdogo wangu alikufa kwa uchafu wa mama?"

Nikamwambia. Kwamba kijiji kizima hakikuwa na choo hata kimoja. Kwamba tulichota maji kwenye kisima kimoja, na mama yangu mwenyewe alitupa pale alipotupa mama yake. Kwamba mtoto yeyote wa mstari ule angeweza kuwa yule. Na kwamba maneno anayoyasikia niliyatoa mimi kinywani mwa mama yake nikayapeleka uwanjani, siku moja, ili nisifiwe.

Alitafuna muhogo wake. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwa begani kwake."

Hakusema amesamehe, wala sikumwomba aseme. Basi lilipokuja alinishikia mzigo hadi mlangoni.

Wajukuu zangu siku hizi wanarekodi watu kwa simu, mlevi akianguka, mama akigombana sokoni, wanarusha kwa wenzao na kucheka. Huwa nawakaripia kwamba enzi zetu tulikuwa na adabu. Tangu siku ile ya Mkata nimeacha kusema hivyo. Tulichokuwa nacho enzi zetu ni uwanja mdogo tu, na yule uliyemcheka ulikutana naye kisimani kesho yake asubuhi, mkiwa na ndoo mkononi, na ilibidi umwamkie.