Kukata Kabla ya Kushona

Aliyemfunza Mama Pindo ushonaji alimpa siri moja ya kazi: mteja akishusha kitambaa mezani, mpime, kisha ukikate papo hapo, hata kama utakishona mwezi ujao. Kitambaa kizima mwenyewe anaweza kukifuata akampelekea fundi mwingine. Kilichokatwa hakina pa kwenda. Hapo ndipo unapoomba advansi, malipo ya mbele, na mteja atatoa tu.

Mkasi wa namna hiyo ulimlisha miaka mingi. Ulimsomesha na mdogo wake wa kike hadi akawa muuguzi. Jina la Mama Pindo alibandikwa na wateja, kwa sababu pindo lake halikufumuka hata nguo ichakae vipi. Sasa kibanda chake kilijaa mafungu ya vitambaa vilivyokatwa, rafuni, juu ya kabati, mpaka chini ya meza, kila fungu limefungwa kwa utepe na kuandikwa jina kwa chaki. Mgeni akiingia angesema biashara imenoga. Mwenyewe alisema hivyohivyo.

Mchana mmoja yule muuguzi alimkuta dada yake amejifungia kwa ndani.

"Dada, fungua. Mtu anafunga duka saa za kazi kama amemwiba mtoto?"

"Nakata kitu kigumu, sitaki usumbufu."

Simu iliyokuwa mezani ikaita. Mama Pindo akaigeuza kifudifudi. Ikanyamaza, ikaita tena.

"Si upokee."

"Hao ni watu wa matangazo."

"Matangazo gani ya kung'ang'ania hivyo? Wanataka kukuposa?"

Wakacheka. Mama Pindo alicheka zaidi, maana siku hiyo alihitaji sahihi ya mdogo wake. Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, naye alikuwa ameomba mkopo mkubwa. Alisema ni wa kukuza biashara. Mkopo ule ulitaka mdhamini, na akiba ya mdhamini hufungwa mpaka deni liishe. Mkopaji akishindwa, chama hukata humo. Akiba ya muuguzi ilikuwa karo yake ya kurudi chuoni kusomea ukunga. Alikuwa ameiweka tangu mshahara wa kwanza.

"Twende," alisema muuguzi, akiokota mkoba. "Wewe ulinisomesha, nitakuuliza nini?"

Heri angeuliza.

Afisa mikopo wa chama, ofisini kwake, alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Muuguzi alikwisha kushika kalamu pale afisa alipoweka kiganja juu ya fomu.

"Subiri, mwanangu. Kwanza nina maswali kwa dada yako, nawe usikie. Siandiki popote. Ni ya kujipima tu, na anayejidanganya anajidanganya mwenyewe." Akamgeukia Mama Pindo. "Mama, mkopo wako wa mwisho ulinunua nini?"

"Mambo ya biashara."

"Nitajie kitu ninachoweza kukishika kwa mkono."

Mama Pindo akatazama feni ya darini. Mkopo wa kwanza angeweza kuutaja: ulinunua cherehani ya umeme ya kudarizi. Wa pili ulilipa wa kwanza. Baada ya hapo ilikuja mikopo ya kwenye simu, midogo midogo, inayokatwa ada kabla hujaiona, huu unalipwa kwa fedha ya ule.

"Ulilipa mkopo mwingine," alisema.

Kalamu ya muuguzi ilibaki hewani.

"Haya. Bila kushika simu, jumla unadaiwa kiasi gani?"

Akataja kiasi. Hakikuwa kidogo, na muuguzi akavuta pumzi.

"Umeingiza advansi za watu ambao hujawashonea?"

"Advansi si deni, dada. Ile ni kazi yangu."

"Fedha umeshaila na nguo haipo. Nipe jina lake basi."

Hakuwa na jina. Kila marejesho yalipokaribia, alikata kitambaa kipya na kuchukua advansi, na cha zamani kikasukumwa chini ya meza. Akajiona hodari wa kutafuta.

"Nyumbani nani anajua?"

"Mume wangu anajua."

"Anajua yote?"

"Anajua la cherehani."

Afisa hakumkemea. Aliuliza lililobaki polepole, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. "Mwezi ukianza, ukishatoa marejesho yote, kinachobaki kinawafikisha mwisho wa mwezi? Chakula na nauli, bila kukopa?"

Jibu moja la uongo lingetosha. Angesema ndiyo, inatosha, mdogo wake angetia sahihi, fedha ingeingia, na simu ingenyamaza kwa muda. Mama Pindo alitazama ile kalamu. Unga uliokuwa jikoni kwake wiki hiyo ulinunuliwa kwa mkopo wa simu.

"Haitoshi," alisema. "Haijatosha muda mrefu."

Muuguzi aliweka kalamu mezani, taratibu, kama chombo kinachoweza kuvunjika.

"Mkopo mmoja wa kufuta mingine huwafaa watu," alisema afisa, "lakini ni wale waliokwisha kuacha kukopa, na marejesho yao yanaenea ndani ya kipato. Wewe hujaacha. Nikikupa leo, utakuwa na huu na ile mingine itarudi. Acha kwanza. Wapigie wanaokudai kabla ya tarehe, useme utaweza kiasi gani, na useme kweli. Mkopo unaokugharimu zaidi uutangulize. Kisicholeta chakula ukiuze. Na mumeo aambiwe leo."

Nje, barazani, dada hao walisimama bila kutazamana.

"Ungeniacha nitie sahihi?" aliuliza muuguzi.

"Si nimesema ukweli?"

"Umeulizwa na mtu baki. Mimi uliniambia watu wa matangazo. Kule dukani, kabla ya huyu mama, ungeniacha?"

"Ningekuacha," alisema Mama Pindo.

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Tangu siku hiyo hutuma salamu kwa watoto tu.

Cherehani ya kudarizi iliuzwa kwa bei ya kutupa, na ikafuta mikopo miwili iliyokuwa mikali. Mume aliambiwa yote. Hakupiga kelele, ila sasa hununua unga mwenyewe na kuuweka mezani bila neno. Wanaodai kwa simu, baadhi walikubali kulipwa kidogo kidogo, mmoja akaendelea kutukana. Mama Pindo alivuta mafungu kutoka chini ya meza akaanza kushona, la zamani kwanza. Kazi ile haimwingizii chochote, kwa maana malipo yake yalishaliwa. Gauni moja, mteja wake alilifuata akiwa amekwisha kunenepa. Lilikataa kuingia, naye akamtolea fundi maneno mbele ya barabara nzima. Mama Pindo akalifumua akaongeza pembeni.

Juzi aliingia mwalimu wa jirani na kitambaa cha kung'aa, noti ameshazikunja mkononi.

"Mama Pindo, nikatie kabisa, nisije nikabadili nia. Advansi hii hapa."

Mkasi ulikuwa mezani. Mkono ukaufuata wenyewe, ukafika kwenye tundu la kidole. Kesho yake ilikuwa siku ya marejesho.

"Nenda nacho nyumbani, mwalimu. Nikimaliza hivi nitakuita. Utalipa ukivaa."

"Unanifukuza?"

"Nina vya watu."

"Kumbe umeshiba!" Mwalimu akakunja kitambaa chake, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa fundi wa ng'ambo. Kutoka kwenye kiti chake Mama Pindo aliliona futi la kupimia likipita mabegani mwa mwalimu, halafu akausikia mkasi wa mwenzake ukianza kula kitambaa.