Nilimuua Kassim kwenye tamthilia, nikaambiwa nimfufue kwa ndoto, nikagoma

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Haya ni ya kwangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina tu nimebadilisha, maana bado naitaka kazi.

Mimi ni mwandishi wa skripti za tamthilia. Ofisi yetu ipo Chang'ombe, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Sini nyingi, yaani vipande vya mchezo, tunarekodia kwenye nyumba ya kukodi kule Segerea. Zile hasira mnazomwagaga humu, "mbona alikufa halafu karudi?", zinanihusu. Muuaji ni mimi.

Kwanza mjue kwa nini tunaua.

Watu hudhani mwandishi kaamka vibaya. Mara nyingi ni mkataba. Muigizaji mkataba wake unaisha, anataka nyongeza, au kapata kazi kwingine. Sisi tunarekodi wiki kadhaa mbele ya kile mnachokiona, kwa hiyo lazima tumtoe mapema na kwa sababu inayoeleweka.

Wakati mwingine kisa chake kimeisha utamu, na kifo kinawapa wengine cha kufanya: urithi, ugomvi wa ndugu, mjane, siri. Halafu msiba unavuta watazamaji, tusidanganyane.

Kwetu aliyeondoka ni Sudi. Alicheza Kassim, mume mkali mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kapata filamu nje ya nchi, akaaga.

Nikaandika gari lake limetumbukia mtoni na maiti haikuonekana. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii: usipoonyesha maiti, umeacha mlango wazi. Muigizaji akirudi, unasema aliokotwa na wanakijiji mbali huko, watazamaji wanaguna kidogo, maisha yanaendelea.

Wiki hiyo malaria ikanilaza. Dairekta akataka machozi zaidi. Akaongeza sini bila kuniuliza: maiti imepatikana baada ya siku kadhaa, imeoshwa, imevikwa sanda, imezikwa.

Nilipopona nikakuta imesharekodiwa. Nilitamani kulia.

Maana wenzetu wa nje wana jeneza la kufungwa. Baadaye wanasema ndani kulikuwa na mawe, basi. Sisi Kassim wetu ni Muislamu. Maiti yake inaoshwa kwa mikono ya ndugu zake. Utamwambia nani kwamba waliomwosha hawakumjua?

Nikasema sawa, amekufa kweli. Nikahamia kwa mjane.

Mjane ni Mwanahawa, anachezwa na dada Rehema. Zamani Mwanahawa alikuwa na maneno mawili tu, "Chakula tayari." Sini mbili kwa wiki, na Rehema analipwa kwa sini.

Nikamkalisha eda. Miezi minne na siku kumi, hatukuruka. Haruhusiwi kuzurura, kwa hiyo watu wa maduka wakawa wanamfuata yeye nyumbani kumweleza biashara. Akauliza, akajifunza. Aliingia eda kama mtumishi wa nyumba yake, akatoka akiwa bosi. Akapata hadi mchumba, posa ikapokelewa.

Watazamaji wakampenda mno. Mimi pia, nakiri.

Ndipo Sudi akarudi. Filamu ya nje ilikwama.

Madam, prodyuza wetu, akaniita. Watangazaji wa biashara wanamtaka Sudi, na mkataba mpya umeshasainiwa.

"Mrudishe Kassim," akasema. "Weka ndoto. Mwanahawa anaamka asubuhi, anamkuta Kassim anapiga mswaki. Imeisha hiyo."

Wakuu, mjue kwa nini mabosi wanapenda ndoto. Ni rahisi. Kitanda kimoja, mswaki mmoja, na kosa la miezi linafutika bila kumweleza mtu chochote. Huhitaji daktari, pacha wala muigizaji mwingine wa kuvaa jina la marehemu.

Ila ndoto haichagui. Inafuta kifo, na inafuta kila kilichozaliwa baada ya kifo. Na mtazamaji ukishamchezea hivyo mara moja, hakuamini tena. Ukiua mwingine anakaa tu anasubiri mtu aamke.

Kwa Rehema ilimaanisha kurudi kwenye "Chakula tayari."

Alisikia kabla sijamwambia. Akapanda ngazi za ofisi, akasubiri mafundi wa chini wapumzishe grainda ndipo akaongea.

"Kaka, nasikia mnaniamsha."

"Bado haijaamuliwa, dada."

"Mie nilikaaga eda ya kweli. Ile sini ya kuvua nguo za eda sikuigiza. Na hakuna asubuhi niliyoamka nikamkuta baba watoto anapiga mswaki."

Niliona aibu, kisha nikakasirika.

Nikarudi kwa Madam. "Nipe siku tatu. Nikishindwa naandika hiyo ndoto mwenyewe, na jina langu mlitoe."

"Siku tatu tu," akasema. "Sina ya nne."

Nikajifungia na rekodi za msiba. Nikaziangalia mpaka nikachoka na sanda. Siku ya pili nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Uso wa maiti hauonekani popote.

Ungeonekana vipi, na Sudi alishapanda ndege? Ndani ya sanda alilala fundi wetu wa taa! Kwenye kisa ilisemwa tu kwamba maji yamemharibu uso.

Nani alimtambua mochwari? Shomari, mdogo wake Kassim, aliingia peke yake. Na waliomwosha? Shomari na wanaume wawili ambao hakuna anayewajua. Kumbe siku ile waigizaji wetu wa mtaani waligoma kugusa sanda, wanaogopa mkosi, dairekta akaokota bodaboda wawili pale nje.

Nikapiga meza. Shomari alizika mtu asiyemjua, kwa makusudi, kwa sababu aliyataka maduka. Sini iliyonifunga ikawa ushahidi.

Na Kassim alikuwa wapi? Alivunjika, akatibiwa na wanakijiji, akasikia amezikwa. Akaona afadhali abaki marehemu. Akaenda kuoa Mtwara.

Nikamuuliza shehe mmoja. Akasema kama mume yu hai, ndoa haikuvunjwa na uongo. Posa inaanguka. Lakini mke ana haki ya kwenda kudai aachwe, na ana sababu. Nilishukuru hatukuwa tumerekodi harusi.

Madam alisoma mpaka mwisho. "Sudi atakubali kuwa mbaya?"

Sudi alinuna kweli. Nikamwambia, "Braza, kwa ndoto unarudi kuwa mume yuleyule, utachosha tena. Kwa hii una kazi ya mwaka." Akakubali.

Tukarekodi Segerea. Skripti yangu ilisema Kassim anabisha hodi, Mwanahawa anamwona, anazimia.

Rehema akaniomba asizimie. Dairekta akataka kubisha, nikamwambia mwache.

Sudi akabisha hodi. Rehema akafungua, akamwangalia kuanzia juu mpaka viatuni. Hakupiga kelele.

"Nimekaa eda yako yote," akasema. "Sikuruka hata siku moja. Sasa na wewe kaa hapo nje, nina wateja."

Akafunga mlango.

Hayo maneno sikuyaandika mimi. Dairekta alisahau kusema "kata" ili kamera zisimame. Sudi akabaki amesimama pale kibarazani, hajui aigize nini, na tulivyorekodi ndivyo tulivyorusha.

Nilichojifunza: kuua ni ruhusa, kufufua ni ruhusa, ila kilio cha mtu usikifute. Ukikosea, rudi ulikokosea uchimbe hapohapo. Mara nyingi njia ipo.

Haya, mwagikeni. Ni ufufuo gani wa tamthilia uliwahi kukutoa povu, na ungekuwa mwandishi ungemrudishaje marehemu? Nasoma zote, hata za kunitukana.