Sahani Thelathini za Baba Mkubwa

Mama yangu alikaa benchi la mbele, kitambaa kipya kichwani, mikono mapajani, na meza mbele yake haikuwa na kitu. Kando yake walikaa watu wetu wa Ruiru, thelathini pamoja naye. Upande wa pili wa ukumbi watu nisiowajua walikuwa wananyonya mifupa. Nilikuwa na gauni la harusi mwilini, na mama yangu alikuwa ananyimwa chakula mbele ya wakwe. Akasimama, akajifunga leso vizuri, akatoka. Watu wake wote wakamfuata.

Tangu siku hiyo hajawahi kukanyaga kwangu.

Aliyefanya hivyo ni baba mkubwa wa mume wangu. Jina siandiki. Thika nzima inamjua.

Wiki chache kabla ya harusi tulikutana kwa baba mkwe kupanga bajeti. Baba mkubwa alikuwa karani kwenye stoo ya mkonge, kwa hivyo penseli alishika yeye. Mimi niliitwa nitaje watu wetu. Nikasema thelathini. Upande wa mume wakasema tisini. Jumla mia na ishirini. Mwenye hoteli alitaka shilingi moja kwa sahani: mchele, nyama, kabichi na chai. Nusu alipwe mapema anunue ng'ombe, nusu asubuhi ya harusi. Ukumbi ulikuwa shilingi thelathini mpaka saa kumi na mbili jioni, na kumi juu yake za amana, unarudishiwa ikiwa mabenchi hayakuvunjika. Mia na sitini zote.

Mume wangu alitoa sabini, mshahara aliokuwa ameweka. Baba mkwe akauza mbuzi, akatoa arobaini. Shangazi wa mume wangu ishirini. Zikabaki thelathini.

"Hizo ni zangu," baba mkubwa akasema, akapiga kifua. "Andikeni!"

"Si wewe ndiye unaandika?" shangazi akamuuliza, tukacheka.

Mimi nilijua zile thelathini ni za ukumbi. Kila mtu mle ndani alijua. Pesa za mchango zinaingia kwenye kapu moja, halafu kapu ndilo linalipa. Lakini yeye alienda nyumbani akapiga hesabu yake: shilingi thelathini, sahani shilingi moja, basi nina sahani thelathini. Akaalika kwaya yake na wenzake wa stoo, watu thelathini ambao hakuna aliyewahesabu. Hakumwambia mtu.

Siku yenyewe lori la watu wetu lilizuiwa barabarani, askari wakikagua pasi za kusafiria moja moja. Miaka ile ya mkoloni ndivyo tulivyosafiri. Walipofika, mwenye hoteli alikuwa anafuta sufuria.

Nikamwendea na gauni langu hivyo hivyo. "Mzee, watu wetu wa Ruiru hawajala."

"Bibi harusi, mimi nililipwa mia na ishirini, na mia na ishirini nimetoa. Nipe pesa, mchele nipike sasa hivi. Nyama imeisha."

Karani wa ukumbi naye akasema amana haitoki mpaka mabenchi yahesabiwe. Nikaenda kwa baba mkubwa. Alikuwa anajichokoa meno.

"Baba mkubwa, watu wako wamekula chakula cha mama yangu."

"Ai! Mke wetu, wamekula changu. Nilitoa thelathini, wakala thelathini. Hesabu si hiyo?"

"Na ukumbi umelipwa na nani?"

"Muulize mwenye harusi."

Koti lake lilikuwa na mfuko wa ndani, na noti nilikuwa nimeziona akimtunza mwimbaji. Angetoa hata kumi, mama angepata wali mkavu na chai, na heshima ingebaki. Hakutoa. Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo, akaangalia viatu vyake. Na yeye namtaja katika lawama hii. Kwetu mama mkwe ndiye anayepewa sahani ya kwanza. Hilo halikuhitaji penseli.

Nimezaa watoto watano. Mama alimwona kila mmoja kwake Ruiru, mimi nikimpelekea. Mlangoni kwangu hapana. "Nitakula nini huko?" ananiuliza, wala hatanii.

Na huyu mzee bado yuko. Kila harusi Thika wanamfanya mwenyekiti wa kamati, wanasimama akiingia. Niliacha shule darasa la tatu, lakini swali langu linaeleweka. Baba mkubwa, kama zile thelathini zilikuwa za kulisha watu wako, kwa nini ulituacha tuamini zimelipa ukumbi? Usinijibu mimi. Mama yangu yuko hai. Panda gari uende Ruiru, ukae mbele yake, umjibu yeye.