Nilimbatiza mpwa kwa mdomo wangu, sasa posa imekwama Kilolo

Admin, nifiche jina, maana hapa Uyole likitajwa hata malori yanapunguza mwendo. Mimi ni mwanaume wa miaka 52, la saba sikumaliza, lakini suala la posa likishindikana Mbeya nzima naitwa mimi.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, ni Mnyakyusa na Mwislamu kama baba yake. Amempenda binti Mhehe, Mkatoliki wa Kilolo. Baba wa binti alikataa kabisa: "Kabila sina shida nalo. Lakini mjukuu wangu asali wapi?"

Watoto hawakutoroka. Miaka miwili kijana alikuwa akienda kuvuna viazi vya mzee bila kutaja posa. Bibi wa binti alipofariki, alilala msibani siku tatu akichota maji na kupasua kuni. Shangazi wa binti akalainika kwanza, yeye ndiye aliyemlainisha kaka yake. Wakaenda wote kwa padre. Akawaeleza kwamba kila mmoja anaweza kubaki na dini yake, ruhusa iombwe kwa askofu, na binti aahidi kujitahidi kuwalea watoto Kikatoliki, kijana akijua hivyo. Kijana akakubali. Mzee akasema, "Haya, leteni mshenga."

Nikaenda na suti. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua na kusema yaleyale ya padre. Lakini wazee walikuwa wananisikiliza, jamani, wananiangalia! Mdomo ukateleza kwa raha. Nikasema, "Wazee wangu, kijana ameshaanza mafundisho ya ubatizo. Nimempeleka mimi, kwa mkono huu."

Vigelegele! Kuku akachinjwa, nikapewa firigisi.

Jumapili yake mzee akampigia kijana: "Jina la ubatizo umechagua lipi, mwanangu?"

"Baba, sijaomba ubatizo."

Mzee akamuuliza, "Kumbe hata viazi vyangu ulivuna kwa uongo?" Akakata simu, barua ikarudishwa.

Binti alinipigia analia. "Mjomba, miaka miwili. Wewe umetumia dakika mbili."

Shangazi amehangaika tena. Mzee amesema atasikiliza, ila mwongo aje mwenyewe, mbele ya wazee walewale, aseme "nimekosa" na faini ya mbuzi mkononi. Akituma mtu, binti ataposwa na mwingine. Kijana hajanitukana hata neno. Mbuzi ameshamnunua, na huyo mbuzi yuko kwa shangazi ananisubiri. Kijana ananiambia tu, "Mjomba, twende."

Nyie mnaosoma, nishaurini. Nitawatazamaje wazee walionipa firigisi? Nianze na salamu au nianze na kosa?

Maana Jumamosi nilisema natangulia Kilolo. Kila mtu anajua basi liliharibika njiani. Basi halikuharibika. Nilishuka Makambako, nikala chipsi, nikapanda la kurudi Mbeya.