Elfu Kumi na Mbili Nisizoziona

Niliingia katika ofisi ya afisa wa wafanyakazi wa kiwanda chetu cha sukari nikiwa nimefura. Mwajiri mwingine hapa Kakamega alikuwa ameniahidi elfu sabini kwa mwezi, bila bima wala pensheni. Mimi nilikuwa napata sitini.

"Madam, mnaninyonya!" nikamwambia.

Akaniuliza kampuni inanilipia nini juu ya mshahara. Nikajibu, pensheni, elfu sita. Akacheka. Tatu kati ya hizo zilikuwa zinakatwa kwenye mshahara wangu mwenyewe, kwa hivyo tayari zilikuwa ndani ya zile sitini. Za kampuni zilikuwa tatu tu. Kisha akaongeza elfu tisa za bima ya familia yangu. Jumla ikawa sabini na mbili.

"Na ukijinunulia bima kama hii peke yako, utalipa zaidi," akasema.

Nilibaki, lakini kwa kununa.

Mwaka uliofuata binti yetu alifanyiwa upasuaji. Karani wa hospitali alinirudishia kadi ya bima akasema hakuna deni. Nilitoka nje nikampigia madam, nikamwambia bima imelipia upasuaji wote.

Akauliza, "Mtoto ameamka?"