Umanjano Kwenye Kidonda cha Mwanangu

Kwetu mvulana hutahiriwa akiwa mkubwa. Wangu alitahiriwa angali ananyonya, kwa sababu kila akikojoa, mkojo ulikwama kwenye ngozi ya mbele, ikavimba, naye akalia. Daktari alisema ngozi hiyo itolewe.

Tuliporudi nyumbani Dandora kutoka hospitali, niliyakumbuka maagizo ya nesi: nimguse mtoto baada ya kunawa mikono, nioshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nisisugue, nipake vaselini kwa wingi ili nepi isigandie kidonda, na nepi yenyewe niifunge bila kuikaza. Ya kutuliza maumivu nilikuwa na dawa ya maji, na kipimo chake cha kupimia. Lakini kilichomtuliza zaidi ni titi.

Siku chache baadaye niliona utando wa manjano juu ya kidonda. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kunisaidia, alisema ni usaha, tuutoe kwa maji ya chumvi. Jirani tuliyetumia naye mfereji mmoja wa maji, Mwislamu aliyewatahiri wanawe wote wakiwa wachanga, alisema tuuache, ndiyo ngozi mpya inakuja. Wote wawili walikuwa wamelea watoto. Nilisimama katikati yao na bakuli la maji mkononi, nisijue nimsikilize nani. Mwishowe nikauacha, kwa vile nesi alikataza kusugua. Mama mkwe akalichukua bakuli, akamwaga maji.

Kesho yake mtoto akaanza kukataa titi. Mwili ulichemka. Nilipofungua nepi nilikuta wekundu umepanda kutoka kwenye kidonda kuelekea tumboni, pamevimba, na pananuka. Umanjano ulikuwa bado upo, nami sikuweza kusema kama ni ule wa jana au mwingine. Nilimwita jirani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii sijawahi kuona kwa wangu," akasema. "Mpeleke sasa hivi, mama."

Mama mkwe ndiye aliyembeba mikononi hadi hospitali, mimi nikifuata na nepi. Daktari aliniuliza kama mtoto amekojoa tangu asubuhi. Nilijibu ndiyo, ingawa kidogo. Akalazwa, akadungwa sindano za kuua vijidudu, na pole pole wekundu ukarudi chini, akanyonya tena.

Nilimwuliza nesi wa wodi ni nani alikuwa amesema kweli nyumbani.

"Ule umanjano wa kwanza ulikuwa wa kupona," akasema. "Wewe usitazame rangi peke yake. Tazama kama wekundu unatambaa, kama pananuka, kama ana joto, kama ananyonya na kukojoa."

Nilisema nimeelewa. Tuliporudi nyumbani, kidonda kilikuwa na utando wa manjano tena. Nilikaa kitandani nikiutazama, kisha nikamgusa paji la uso kuona kama ana joto, nikamgusa tena.